Nimwandikie nini mama aliyenifundisha kusema kikaoni?

Anti, shikamoo.

Nina miaka 25, nafanya kazi kitengo cha nyaraka katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Kurasini, Dar es Salaam. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi tunakaa kikao. Nilipoanza kazi sikuwa nafungua kinywa. Nikiona tatizo naliandika kwenye daftari, kikao kinafungwa, na mimi nafunga daftari.

Mama mmoja wa uhasibu alinishika mkono taratibu. Ijumaa ananipa ajenda, ananiambia nichague kipengele kimoja cha juu na niandike sentensi moja. Nikimwonyesha, kama haina ombi ananirudishia: "Unataka wafanye nini?" Kikaoni ananiuliza swali ili nianze. Kuna Jumatatu aliniuliza nikaganda. Akasema, "Nitaliangalia mwenyewe, tuendelee," na wiki iliyofuata akaniuliza tarehe tu. Kikao kikiisha tunasimama kidogo kwenye korido, ananiambia kimoja nilichofanya vizuri na kimoja cha kurekebisha.

Mwezi Machi nilisema bila kuulizwa: hati ya kutolea mzigo ya kontena moja ilikuwa inaisha Jumatano na gari limepangwa Ijumaa, nikaomba lisogezwe Jumanne. Likasogezwa. Mama alikuwa anaandika tu. Sasa kuna kijana mpya kitengoni, naye kimya, na nimeanza kumpa ajenda Ijumaa.

Mama anastaafu mwisho wa mwezi. Nimeandika: "Nakushukuru kwa yote, wewe ni zaidi ya bosi, Mungu akubariki." Nikiisoma naona ningeweza kumwandikia mtu yeyote. Tena naogopa nikieleza nilivyokuwa naogopa, itaonekana namsema meneja. Niisome kwenye sherehe ya kumuaga au nimpe mkononi? Niweke na pesa kwenye bahasha?

Binti wa Nyaraka, Kurasini

*

Marahaba mwanangu.

Mama huyo anajua alichokifanya. Asichokijua ni kilichotokea upande wako wa meza wakati anakifanya. Alikuuliza swali, akasikia jibu, lakini hakuna siku aliyojua kwa hakika kama swali lile lilikusaidia au lilikutisha. Anayemfundisha kijana kusema mbele za watu hufanya kazi kwa kukisia, kwa sababu sehemu kubwa ya matokeo hubaki kifuani mwa huyo kijana. Ndiyo maana maneno ya "asante kwa yote" yanampita tu. Anachokihitaji kutoka kwako ni taarifa: wewe ulifanya hiki, mimi huku kikanifanya hivi, ndipo nikaweza kile.

Kwa hiyo kabla ya kuandika, kusanya. Nenda kwenye daftari lako la vikao, lile lile ulilokuwa unalifunga, upitie kurasa za Jumatatu moja baada ya nyingine. Kila unapokumbuka jambo alilokufanyia, andika pembeni alisema au alifanya nini hasa, kwa maneno yake mwenyewe ukiyakumbuka; kisha wakati huo wewe ulikuwa unashindwa nini; kisha baada yake uliweza nini ambacho mtu mwingine mezani angekiona kwa macho. Hicho cha mwisho ndicho kipimo. Jambo ambalo huwezi kulijazia matokeo yanayoonekana, liache nje ya barua hata kama lilikugusa. Utabaki na mawili au matatu na yatatosha, maana barua ya shukrani yenye mambo saba husomeka kama orodha ya vifaa vya stoo.

Katika yale uliyonieleza, lenye uzito kuliko yote umelipa sentensi chache na kupita. Ni ile Jumatatu uliyoganda.

Angalia alichokifanya pale. Aliyezoea vikao, kijana akikwama, mara nyingi hukosea kwa namna moja kati ya mbili. Ya kwanza ni kusubiri. Anadhani anampa mwenzake nafasi, kumbe kila sekunde inayopita inaongeza macho yanayogeuka kumtazama, na baada ya sekunde tano au sita hata anayejua jibu halioni tena. Ya pili ni kumkumbusha mbele za watu: "Si uliniambia Ijumaa unalijua hili?" Hapo kazi ya wiki nyingi inabomoka, kwa kuwa kijana amejifunza kwamba maandalizi yake ya siri yanaweza kutumiwa kumuumbua. Mama hakufanya lolote kati ya hayo. Alilichukua swali likawa lake, kwa maneno matatu, kikao kikasogea. Yawezekana waliokaa mezani hawakuona kitu.

Sehemu ya pili ya jambo lile ni kilichofuata wiki ya pili, na hapo ndipo ufundi ulipo. Angekuacha upumzike mwezi mzima, ukimya ungekomaa, ungeanza kuamini kwamba amekukatia tamaa. Angekurudishia swali la ugumu ule ule, ungeingia ukumbini umeshajikunja. Yeye alikurudia upesi, ila kwa swali jepesi zaidi ambalo jibu lake ni tarehe moja iliyoandikwa kwenye faili lililo mbele yako. Alipunguza ugumu wa swali na hakuongeza muda wa kusubiri. Watu wengi wanaitafsiri subira kuwa ni kumwacha mtu hadi awe tayari. Ukimwacha kijana mkimya kikaoni hadi awe tayari, atastaafu hajasema. Mwambie mama kwamba uliiona tofauti hiyo. Sidhani kama kuna mtu amewahi kumwambia.

Barua ianze hapo. Isianze na "Natumaini u mzima" wala "Napenda kuchukua nafasi hii". Baada ya shikamoo, sentensi ya kwanza iwe Jumatatu ile, na maneno yake matatu yawe ndani ya alama za nukuu, kama alivyoyatamka. Mtu mzima akikuta maneno yake mwenyewe, ambayo alishayasahau, yamehifadhiwa na kijana, hahitaji kuambiwa kwamba alisikilizwa.

Jambo la pili ni maswali ya kukufungulia, na hapa nataka uelewe kwa nini yalifanya kazi, ili uyaeleze vizuri. "Binti, mbona kimya, huna la kusema leo?" nalo ni swali la kumfungulia mtu, lakini linadai mambo mawili kwa mpigo: ujitetee kwa ukimya wako, na utoe maoni ambayo hukuyaandaa. Likiulizwa hivyo, jibu linalokuja haraka ni "Hapana, sina," na ukishasema huna, umejifungia mpaka Jumatatu nyingine. Swali la "Hati ile inaisha lini?" linadai kitu ambacho ni kazi yako kukijua na kiko mkononi mwako. Ukishataja tarehe kwa sauti, sauti yako imeshasikika ukumbini, na sentensi ya pili huja bila kusukumwa sana. Wasemaji wengi wakimya hawashindwi kusema. Wanashindwa kuingia. Ukipata mtu wa kukufungulia mlango mara kadhaa, unajifunza njia.

Ila mlango ukifunguliwa daima na mtu yule yule, utabaki unamsubiri yeye. Ndiyo maana Machi ina maana kubwa. Siku ile hakukuuliza, alikuwa anaandika. Sijui kama alifanya makusudi, na wewe usimwandikie kana kwamba unajua. Mwandikie ulichokiona: kwamba ulimtazama, ukakuta macho yake yako kwenye karatasi, ukasema mwenyewe. Kama alifanya makusudi atatabasamu. Kama hakufanya makusudi, atajua kwamba siku ile hukumhitaji tena, na hiyo ni habari njema kwa mwalimu anayeondoka.

Sasa ile sentensi moja ya kuandika kabla. Hii nitakaa nayo kidogo kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini Machi walikusikiliza, na wasomaji wengine walio kimya kwenye vikao vyao wataifaidi.

Fikiria ungesema hivi: "Samahani jamani, sijui kama nitakuwa sahihi, nilikuwa tu naangalia mafaili ya wiki hii, nikaona kama kuna kitu hakijakaa sawa kwenye lile kontena la juzi..." Mpaka hapo mwenyekiti amesikia samahani, amesikia shaka, amesikia historia, na kontena lenyewe bado. Mwenye sauti kubwa atakuingilia kwenye "nilikuwa tu naangalia," wala hatakuwa na nia mbaya; ameona pana nafasi. Na hata wakikuacha umalize, umetaja tatizo bila kuomba kitu. Mwenyekiti atasema, "Sawa, tutaliangalia," na anayeandika kumbukumbu za kikao hataandika chochote, kwa sababu yeye huandika kilichoamuliwa, nani atakifanya, na lini. Tatizo lisilo na ombi halina mahali pa kukaa kwenye kumbukumbu, na Jumatatu ijayo haliwezi kutokea kwenye Yatokanayo.

Ulichosema Machi kilikuwa na kitu, siku na ombi: kontena gani, hati inaisha lini na gari limepangwa lini, na unataka gari lisogezwe lini. Mwenyekiti hakuwa na la kufikiria zaidi ya ndiyo au hapana. Kila mtu mezani alijua hati ikipita muda wake, mtu lazima arudi kwa wakala wa meli kuiongezea siku, kontena likiwa bado limekaa, na siku za bure zikiisha kila siku ya ziada inalipiwa. Hukuhitaji kuwaeleza hayo. Uliwapa siku mbili zisizokubaliana, Jumatano na Ijumaa, wakaona wenyewe.

Swali la mama, "Unataka wafanye nini?", ndilo lililoleta ombi kwenye sentensi yako. Unganisha mambo haya mawili kwenye barua: swali lake hilo, na sentensi yako ya Machi neno kwa neno. Usieleze kwamba sentensi ilikuwa nzuri. Iweke tu hapo. Yeye ni mhasibu, ataiona.

Kuhusu ajenda ya Ijumaa, sentensi mbili zinatosha, lakini zitaje Mengineyo. Vijana wengi hulisubiri hilo neno la mwisho kwenye ajenda wakidhani ndiyo nafasi yao, kwani hakuna anayepangiwa kusema pale. Mengineyo inapofika, mwenyekiti anaangalia saa, watu wa operesheni wameshasimama nusu kwa sababu madereva wanawapigia simu, na lolote utakalolitaja litaambiwa lisubiri kikao kijacho. Mama alipokwambia uchague kipengele cha juu, alikutoa huko. Tena kulikuwa na faida nyingine: anayesema ndani ya dakika kumi za mwanzo hakai na sentensi yake moyoni saa nzima ikichacha, huku wengine wakizungumza asiyoyasikia kwa sababu anaisubiri zamu yake.

Yale ya koridoni yaache nje, au yapite kwa mstari mmoja. Ni mazuri, na kutaja kosa moja tu kila mara ni busara, kwani mtu anayetoka kikaoni moyo ukimwenda mbio hashiki la pili. Lakini ukiyaingiza na hayo, barua itakuwa ndefu na Jumatatu ile itafifia.

Nije kwenye hofu yako ya meneja. Ni hofu ya kweli, na tiba yake iko kwenye namna ya kuunda sentensi. Ukiandika "kikao chetu kilikuwa kinatisha" au "watu walikuwa hawasikilizi vijana", umeufanya ukumbi na waliomo kuwa chanzo, na barua ikisomwa na mwingine, itasomwa kama malalamiko. Ukiandika "nilikuwa naandika kwenye daftari na kulifunga", umesema ukweli ule ule ukiwa na mtendaji mmoja, wewe. Pitia rasimu yako na kalamu, na kila sentensi inayozungumzia ukimya wako hakikisha inaanza na ni-. Ukikuta wa- au ki- imeingia, ibadilishe. Meneja hahitaji kutajwa kabisa, hata kwa sifa, kwa sababu sifa ya meneja ndani ya barua ya mtu mwingine huonekana imewekwa kwa kujikinga.

Kuna jina jingine ambalo halipaswi kuwepo: la mteja. Usiandike namba ya kontena wala mwenye mzigo. Barua hii itakaa nyumbani kwa mama, pengine itasomwa na watoto wake, na mambo ya mteja si ya sebuleni. "Lile kontena la Machi" inatosha, mama anajua ni lipi.

Usikuze pia. "Bila wewe nisingekuwa kitu" ni maneno yanayomlemea anayeambiwa, maana itabidi akukanushe, na badala ya kupokea atajikuta anakufariji. Vivyo hivyo usiandike kwamba mliiokolea kampuni fedha kiasi fulani, isipokuwa kama ulikokotoa. Unachokijua ni kwamba gari lilisogezwa. Kiandike hicho. Na "zaidi ya bosi" ondoa, kwa sababu inamlazimu mama ajilinganishe na mtu ambaye hakumtaja. Dua iweke, kwa imani unayojua wewe na yeye mnaielewa, mara moja, mwishoni.

Nimekuandalia rasimu kutokana na ulichonieleza, ili uone urefu na mpangilio. Pale ambapo kumbukumbu yako inasema vingine, fuata kumbukumbu yako.

*Shikamoo Mama,*

*Ile Jumatatu uliponiuliza kuhusu mizigo ya wiki nami nikashindwa kujibu, ulisema, "Nitaliangalia mwenyewe, tuendelee." Nilikuwa nimeshika kalamu nikisubiri kusemwa. Sikusemwa pale wala baadaye. Wiki iliyofuata ukaniuliza tarehe tu, nami nilikuwa nayo, nikaitaja. Kwako huenda lilikuwa jambo dogo. Mimi ndiyo siku niliyoacha kuogopa kwamba nikikosea mara moja sitapewa nafasi nyingine.*

*Kabla ya hapo nilikuwa nasubiri Mengineyo, na ikifika nafunga daftari. Uliponipa ajenda Ijumaa na kuniambia nichague kipengele cha juu, nilianza kuingia kikaoni nikijua nitasema wapi. Na ulipokuwa unanirudishia sentensi zangu na kuniuliza, "Unataka wafanye nini?", mwanzoni sikuelewa kwa nini tatizo pekee halitoshi.*

*Mwezi Machi nilisema: "Kontena hili hati yake ya kutolea mzigo inaisha Jumatano, gari limepangwa Ijumaa, naomba gari lisogezwe Jumanne." Likasogezwa. Siku hiyo hukuniuliza kitu. Nilikutazama, ulikuwa unaandika, nikasema mwenyewe.*

*Kijana mpya wa kitengo chetu naye ni mkimya. Nimeanza kumpa ajenda Ijumaa, na sentensi yake nikiona haina ombi, namuuliza lile swali lako.*

*Nakushukuru sana Mama. Mungu akupe afya njema na mapumziko mema.*

*Binti yako wa Nyaraka*

Unaona aya ya kijana mpya ilivyo fupi. Haina ahadi. Ungekuwa hujaanza kumsaidia, ningekushauri usiitaje kabisa, kwa kuwa "nami nitawafundisha wengine" ni maneno ambayo kila anayeaga au kuagwa huyasema. Wewe umeshaanza, basi eleza unachokifanya na uishie hapo. Mwalimu anayestaafu akijua kwamba swali lake linaulizwa na mtu mwingine kwenye ofisi ile ile, hilo linamhusu kuliko sifa zozote.

Iandike kwa mkono, kwenye ukurasa mmoja. Ukivuka ukurasa, kata kutoka aya ya pili, aya ya kwanza usiiguse. Kama mwandiko wako hausomeki vizuri, chapa barua kisha andika jina na dua kwa mkono. Anaweza kuwa anavaa miwani ya kusomea, kwa hiyo herufi zisibanane. Kabla ya kuifunga, isome kwa sauti ukiwa peke yako. Mahali ambapo unajisikia aibu kuisoma kwa sauti, mara nyingi ni mahali ulipokuza.

Mpe mkononi, siku mbili au tatu kabla ya sherehe, mwisho wa siku wakati anafungasha, si asubuhi akiwa na watu mlangoni. Sherehe ya kuaga si mahali pa barua hii. Kule ana wageni, picha, zawadi na bahasha nyingi za kupokea kwa mpigo, na barua yenye Jumatatu uliyoganda ikisomwa kwenye kipaza sauti, inageuka kuwa habari yako mbele ya ofisi nzima, meneja akiwepo. Hofu yako itakuwa na sababu hapo. Mshereheshaji akikuita useme neno, sema la Machi peke yake kwa dakika moja: kwamba mama alikufundisha kila tatizo unalolipeleka kikaoni liwe na ombi, na kwamba swali lake lilikuwa "Unataka wafanye nini?" Huenda wengi ukumbini wanalifahamu swali hilo kutoka kwake, na watacheka kwa furaha. Wala usiipige picha barua kuituma kwenye kundi la ofisi la WhatsApp; ikishaingia huko si yenu wawili tena.

Ukimkabidhi, usisimame kumngoja asome. Mwambie, "Mama, hii utaisoma nyumbani," umpe mkono, uende. Akikujibu kesho yake, "Ah, si kitu mwanangu, ulikuwa na uwezo wako mwenyewe," usianze kubishana naye ili akubali sifa. Itikia, "Asante Mama." Watu wazima wengi hupokea kwa kukataa, na barua anayo.

Pesa usiweke. Kama kuna kamati ya kumuaga, toa mchango wako huko kama wenzako na jina lako liandikwe kwenye orodha. Fedha ikiwa ndani ya bahasha ya barua, atakachokishika kwanza ni noti, na atajiona anadaiwa kukurudishia kitu kijana ambaye mshahara wake anaukadiria, maana ni mhasibu. Ukitaka kumpa kitu mkononi, mpe kwa siku nyingine, kiwe kidogo na chenye matumizi: kanga, au kitu anachokipenda na wewe unakijua. Kisiambatane na barua.

Na chini ya jina lako andika namba yako binafsi ya simu. Ukiwa unapiga na kupokea kwa simu ya ofisi muda wote, huenda hiyo ndiyo pekee aliyo nayo, na mwezi ujao yeye hatakuwa na sababu ya kuipiga.